Kikaango Kipya cha Chuma: Kwa Nini Chakula Hugandia na Namna ya Kukizuia

Kikaango cha chuma cha kusubu hutengenezwa kwa kuyeyusha chuma na kukimimina kwenye kalibu ya mchanga. Mchanga huo huacha alama yake. Uso wa kikaango kipya, hata kikionekana laini dukani, una chembechembe na vijishimo vidogo ambavyo kidole huvihisi kikipitishwa juu yake taratibu. Chuma chenyewe ni kizito, huchelewa kupata moto, na kikishapata huchelewa kupoa. Ndiyo sababu chapati iliyopikwa juu yake huiva vizuri na kupata madoa ya kahawia. Lakini kikaango hichohicho, kikitumiwa siku kilipotoka dukani, hulishika yai likachanika vipande vipande.

Yai, samaki na nyama hugandia kwa sababu ya protini. Protini mbichi inapokutana na chuma kitupu chenye joto hujifungua na kushikamana nacho moja kwa moja, kabla haijapata nafasi ya kuiva na kukauka upande wa chini. Unyevu huongeza tatizo, kwani maji yaliyo juu ya chakula hupoza chuma pale kilipogusana nacho, na chakula hukaa muda mrefu zaidi katika hali ile ya ubichi inayonata. Wanga na sukari vina njia yao: sukari huyeyuka, kisha huungua na kuwa gundi nyeusi. Kumwaga mafuta mengi husaidia kidogo tu, kwa sababu mafuta ya maji husukumwa pembeni na uzito wa chakula, na chuma kikabaki kimegusana na yai.

Dawa yake ni kukigeuza kile chuma kitupu kisiwe kitupu tena. Mafuta ya kula yakipakwa kwa wembamba sana juu ya chuma na kupashwa moto mkali, hayabaki mafuta. Joto pamoja na oksijeni ya hewani huziunganisha molekuli zake mpaka zikawa utando mgumu, mkavu, mweusi, ulioshika chuma na kuingia katika vile vijishimo. Utando huo haufutiki kwa kitambaa wala hauyeyuki kwa maji. Chakula hukutana na utando badala ya chuma, na hapo ndipo huteleza. Kazi yote ya kutunza kikaango kipya ni kuujenga utando huu na kutouharibu.

Si kila mafuta hujenga utando kwa wepesi uleule. Mafuta ya alizeti, soya au mahindi hufaa, kwa kuwa molekuli zake huungana kwa urahisi zikipata joto. Mafuta ya nazi, yanayopendwa sana pwani kwa mapishi, hayafai kwa kazi hii, kwa sababu sehemu kubwa ya mafuta hayo ni ya aina isiyoungana kirahisi, na huacha uso wenye ulaini wa grisi badala ya ugumu. Mawese yako katikati. Asiyekuwa na mengine anaweza kuyatumia, ila atahitaji kurudia mara nyingi zaidi. Mafuta ya kitani yamesifiwa na wengi kwa ugumu wa utando wake, lakini utando huo mara nyingi hubanduka kama magamba baada ya muda, na alizeti ya kawaida humfaa mpishi kuliko hayo ya bei kubwa.

Kabla ya mafuta, kikaango kipya husafishwa. Vikaango vingi hutoka kiwandani vikiwa vimepakwa nta au mafuta ya kuzuia kutu visipate madhara ghalani na njiani. Vitu hivyo si chakula, na utando ukijengwa juu yake haushiki. Kikaango huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, kikisuguliwa kwa dodoki au brashi ngumu, ndani na nje, pamoja na mpini. Vikaango vingine huuzwa vikiwa vyeusi tayari, maana yake vimekwisha kupakwa mafuta na kuchomwa huko kiwandani. Hivyo navyo huoshwa, lakini kwa upole, na bado hufaidika na tabaka moja au mawili zaidi ya nyumbani. Kile cha kijivu hakina kitu juu yake na kinahitaji kazi yote. Baada ya kuoshwa kikaango hakiachwi kikauke chenyewe. Huwekwa juu ya moto mdogo kwa dakika chache mpaka hakuna hata tone la maji lililobaki, kwa maana chuma kitupu kilicholowa huweza kuonyesha wekundu wa kutu kabla ya saa moja kupita.

Hatua inayofuata ndiyo wengi huikosea, na kosa lenyewe ni la ukarimu. Kikaango kikiwa bado na uvuguvugu, hudondoshewa mafuta kidogo sana. Nusu kijiko cha chai kinatosha kikaango cha upana wa sentimita 25. Mafuta hayo husambazwa kwa kitambaa safi cha pamba kila mahali, ndani, nje na kwenye mpini. Kisha huchukuliwa kitambaa kingine kikavu, na kikaango kikafutwa kana kwamba mafuta yale yalimwagika kwa bahati mbaya na yanatakiwa kuondolewa yote. Kinachobaki hakionekani kwa jicho isipokuwa kama mng'ao hafifu, na hicho ndicho kipimo sahihi. Mafuta yakiachwa mengi, tabaka la juu hukauka na la chini likabaki bichi, na matokeo yake ni ulimbo wa rangi ya asali unaonata vidole na kunasa chakula kuliko hata chuma kitupu.

Mwenye oveni hukiweka kikaango kifudifudi humo kwa joto la nyuzi 230 hivi za Selsiasi kwa saa moja, kisha huzima na kukiacha kipoe humohumo. Kukigeuza kifudifudi hufanya mafuta ya ziada yasijikusanye chini. Asiye na oveni hutumia jiko la mkaa au la gesi, na kazi hutoka vizuri pia, ila inataka uangalizi. Moto huanza mdogo, kwa sababu chuma cha kusubu hakisambazi joto haraka. Aluminiamu hupitisha joto kwa wepesi mara kadhaa zaidi yake. Kikiwekwa ghafla juu ya moto mkali, katikati huungua huku pembezoni pakiwa baridi, na kikaango chenye kasoro huweza hata kupasuka. Makaa husambazwa hadi pembeni, kikaango huzungushwa kila baada ya dakika mbili tatu, na madirisha hufunguliwa, kwani moshi utatoka. Moshi ni ishara njema hapa: unaonyesha mafuta yamefika joto la kubadilika. Hungojewa mpaka moshi upungue na kwisha, jambo linaloweza kuchukua robo saa au zaidi, kisha kikaango huachwa kipoe taratibu.

Tabaka moja halitoshi. Baada ya la kwanza kikaango huwa na rangi ya kahawia yenye mabaka, na mpishi asiyejua hudhani ameharibu. Tabaka la pili huzidisha weusi, na kufikia la tatu au la nne uso huwa mweusi wa kulingana, mkavu ukiguswa, wenye mng'ao mdogo. Kitambaa cheupe kikipitishwa juu yake hakitoki na mafuta. Hapo kikaango kimeiva.

Utando wa siku ya kwanza, hata hivyo, ni mchanga. Hukomaa kwa kupikiwa, na mapishi ya mwanzo ndiyo huamua utakavyokuwa. Vyakula vinavyokaangwa kwa mafuta huujenga: chapati za kusukuma, viazi vya kukaanga, vitunguu, maandazi. Vyakula vichachu huula. Nyanya zikichemshwa humo kwa nusu saa, au mchuzi wa ukwaju, au samaki wa ndimu, uchachu huo hulegeza utando na kufika kwenye chuma. Mchuzi hupata weusi na ladha ya madini. Kikaango kilichokwisha kukomaa huvumilia nyanya za kukaangwa kidogo, lakini mchuzi wa kuchemka muda mrefu mahali pake ni sufuria. Yai nalo halifai kuwa la kwanza. Ni vyema lisubiri mpaka chapati kadhaa ziwe zimekwisha kupita.

Chuma cha vitumbua ni mfano mzuri wa haya yote, kwa sababu ndicho kigumu kuliko vyote. Kikaango bapa kina uso mmoja. Chuma cha mashimo saba kina kuta na vitako saba, na chakula chenyewe kina wanga wa mchele, tui la nazi na sukari, vitu vinavyopenda kushika. Mwenye chuma kipya aanze kwa kukihakiki kwa sumaku. Vyuma vingi vya vitumbua vinavyouzwa sokoni ni vya aluminiamu iliyosubiwa, vyepesi na vyeupe, na sumaku haivishiki. Maelezo yanayofuata ni ya kile kizito ambacho sumaku hukinasa.

Mashimo husuguliwa kwa brashi ndogo, moja baada ya jingine, na chuma hukaushwa motoni. Kisha hupakwa mafuta kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, matone machache kwa kila shimo. Tatizo la mashimo ni kwamba mafuta hutiririka kutoka kwenye kuta na kujikusanya kwenye kitako. Kikiachwa hivyo motoni, kitako hupata ulimbo na kuta hubaki tupu. Kwa hiyo baada ya dakika tano za joto, chuma kikiwa cha moto lakini mafuta bado hayajaanza kutoa moshi, kila shimo hupitiwa tena kwa kitambaa kikavu cha kwenye kijiti, likafutwa kutoka chini kwenda juu. Ndipo moto huongezwa. Makaa ya katikati husogezwa pembeni yawe kama duara, kwa sababu shimo la kati huzungukwa na joto pande zote na hutangulia mengine. Tabaka nne zilizopakwa kwa utaratibu huu huleta weusi wa kulingana ndani ya mashimo yote.

Vitumbua vya kwanza hufaa viwe vya majaribio, kwa uji wa mchele na tui usiotiwa sukari. Kila shimo hutiwa nusu kijiko cha chai cha mafuta na kuachwa mpaka mafuta yaanze kutetemeka kwa joto. Uji ukidondoshwa, pembe zake zichemke kwa sauti mara moja. Zikinyamaza, chuma bado ni baridi na kitumbua kitashika. Kisha mpishi avumilie. Kitumbua kilichoshika mwanzoni si lazima kiwe kimegandia, kwa kuwa upande wa chini ukishakauka na kupata rangi hujiachia wenyewe. Pembe zikionekana kavu na za kahawia, kijiti hupitishwa kuzunguka ukingo, na kitumbua hugeuka. Kikilazimishwa kabla ya hapo huchanika, na mabaki yake huwa ndiyo chanzo cha kugandia kwa kile kinachofuata.

Kitumbua kilichochanika huonyesha wapi pana kasoro. Kama ni cha shimo la kati peke yake, moto wa kati ni mkali, na dawa ni kuyapanga upya makaa. Vyote vikishika kwenye kitako, mafuta ya kuchoma yalijikusanya huko na kuwa ulimbo. Vikishika kwenye kuta huku vitako vikiwa safi, kuta hazikupata utando, na kuna haja ya tabaka moja au mawili zaidi. Vikitoka salama, sukari inaweza kuongezwa kwenye uji unaofuata, ila kila baada ya mapishi mashimo yafutwe wakati chuma bado kina uvuguvugu, kwa sababu sukari iliyoungua na kupoa huwa ngumu kama kioo.

Katika kikaango bapa kipimo cha joto ni tone la maji. Tone likichemka na kukauka pale lilipoangukia, kikaango bado. Likijikunja kuwa duara na kukimbiakimbia juu ya chuma, joto limezidi la maji kuchemka kwa mbali, limefika nyuzi 200 hivi, na hilo linafaa nyama na samaki. Kwa yai ni kali mno. Moto hupunguzwa na kikaango hupewa dakika moja mbili kabla ya mafuta na yai kuingia. Samaki afutwe maji kwanza kwa kitambaa. Kanuni ya kuvumilia mpaka chakula kijiachie inamhusu yeye kuliko kitu kingine chochote.

Kuosha kikaango kilichoiva si jambo la kuogopa. Onyo la zamani la kutotumia sabuni lilikuwa na msingi, kwani sabuni kali zenye magadi hula utando wa mafuta, lakini sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ya siku hizi, ikitumiwa kidogo, haiudhuru utando uliokomaa. Kinachoudhuru ni kuloweka. Kikaango kilicholala na maji usiku kucha huamka na kutu. Chakula kilichoshika huondolewa kwa kuchemsha maji kidogo humo kwa dakika mbili tatu na kukwangua kwa mwiko wa mti, au kwa kusugua chumvi ya mawe kwa kitambaa. Maji baridi hayamwagwi kamwe kwenye chuma cha moto, maana huweza kupasuka. Baada ya kuoshwa hurudishwa motoni kukauka, hupakwa tone moja la mafuta, hufutwa tena, na huwekwa mahali pakavu bila kufunikwa. Miji ya pwani kama Mombasa, Dar es Salaam na Unguja ina hewa yenye unyevu na chumvi, na hapo hatua hii ya mwisho hairukwi hata siku moja.

Makosa yakitokea, karibu yote hurekebishika. Uso unaonata huchomwa tena kwa saa moja bila kuongezwa mafuta. Kutu husuguliwa kwa stili waya mpaka chuma cha kijivu kionekane, kikaoshwa, kikakaushwa na kupakwa mafuta upya. Magamba meusi yanayobanduka huonyesha kwamba tabaka zilikuwa nene au zilipakwa juu ya mabaki ya chakula. Nayo hukwanguliwa, kazi ikaanza tena. Ufa peke yake ndio hauna dawa.

Kikaango cha nonstiki ni kitu kingine kabisa, na desturi za chuma zikihamishiwa kwake humharibia mwenyewe. Utando wake ni wa plastiki iitwayo kwa kawaida tefloni, iliyogunduliwa mwaka 1938 na mkemia Roy Plunkett wa kampuni ya Dupont nchini Marekani alipokuwa akifanya utafiti wa gesi za kupozea majokofu. Utando huo hutoka kiwandani ukiwa umekamilika. Hauhitaji kujengwa, unahitaji kulindwa. Kikaango kipya cha aina hii huoshwa kwa sabuni na sifongo laini, hukaushwa, hufutwa kwa matone mawili ya mafuta bila kuchomwa, na basi.

Adui wake mkubwa ni joto. Tefloni huanza kuharibika joto likipita nyuzi 260 hivi, na likizidi sana hapo hutoa mvuke unaomletea mtu dalili kama za homa na unaoweza kuua ndege wanaofugwa ndani ya nyumba. Kikaango chembamba kilichoachwa kitupu juu ya moto mkali hufika joto hilo kwa dakika chache. Kwa hiyo huwekwa mafuta au chakula kabla ya kupashwa, moto ukawa mdogo au wa kati, na mwiko ukawa wa mti. Kikipoteza utelezi ilhali hakina mikwaruzo, mara nyingi kilichopo ni ngozi nyembamba ya mafuta yaliyoungua juu ya tefloni. Maji ya sabuni yakichemshwa humo kwa dakika chache, kisha kikasuguliwa kwa sifongo, utelezi huweza kurudi. Utando ukianza kubanduka, hakuna mafuta wala moto utakaourudisha.

Tofauti hii ndiyo inayopasa kuamua mtu anunue kipi. Joto la jiko la mkaa halipunguzwi kwa kuzungusha kitufe, na kikaango cha nonstiki juu yake hakidumu, hata kikitunzwa vipi. Nyumba inayopikia mkaa inunue cha chuma. Cha nonstiki kinafaa jiko la gesi au la umeme, kwa mayai na kwa moto mdogo.